Ukurasa mmoja baada ya toleo la 14

Kwa muda mrefu kila pendekezo la kazi nililomtumia mteja lilimalizika kwa sentensi ileile: "Nitafanya marekebisho mpaka uridhike." Niliiandika kwa moyo safi. Mteja mgeni alikuwa anakabidhi picha zake na pesa zake kwa mtu ambaye hajawahi kumwona akihariri, nikaona ahadi hiyo ndiyo itakayomtoa wasiwasi.

Kazi iliyonifanya niifute ilikuwa video ya dakika 6 ya kuitambulisha taasisi moja. Nilisema wiki mbili. Zikapita wiki tisa, na faili nililokabidhi mwishowe lilikuwa na `v14` kwenye jina lake. Hakuna aliyenifanyia hila. Walijibu kwa adabu, na walilipa. Lakini tulikuwa tumechoshana, na video yenyewe ilikuwa dhaifu kuliko toleo la 5.

Baada ya siku chache nilifungua barua pepe zote za kazi ile, nikaandika kwenye daftari kila ombi la marekebisho na toleo lililohusika. Nilitarajia kukuta orodha ya makosa yangu. Yalikuwepo, lakini si mengi. Maombi mengi yaliangukia mafungu matatu. Kwanza, kulikuwa na maombi yaliyopingana: mtu wa mawasiliano aliomba sehemu fulani ifupishwe, nikaifupisha, kisha bosi wake akaiona na kuuliza imekwenda wapi. Pili, kulikuwa na malalamiko juu ya mambo ambayo wakati wake ulikuwa haujafika, kama rangi na muziki, ilhali nilichopeleka kilikuwa mpangilio wa mwanzo tu. Tatu, na haya ndiyo yaliyotuumiza zaidi, kulikuwa na maombi makubwa yaliyokuja kwa kuchelewa. Katika toleo la 9, rangi zikiwa zimekwisha kusawazishwa na maandishi ya chini yamewekwa, niliambiwa mwanzilishi ndiye afungue video, si wanufaika.

Nikaona kwamba sentensi yangu nzuri ilikuwa imeacha wazi mambo yote yaliyotakiwa kusemwa: marekebisho ni nini, nani anayaomba, na yanaombwa lini. Mteja hakuwa na namna ya kuyajua. Yeye hahariri video kila siku. Mimi ndiye ninayejua kwamba kuhamisha mzungumzaji siku ya sita ni kazi ya nusu saa, na kumhamisha siku ya kumi na tano ni kazi ya siku mbili.

Jaribio langu la kwanza la kurekebisha hali lilikuwa pendekezo la kurasa tano. Lilieleza historia yangu, vifaa vyangu, programu ninazotumia, na masharti mengi. Mtu wa mawasiliano wa mteja niliyempelekea alilisoma lote. Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho, alisoma ukurasa wa bei tu. Basi nikakata. Nilichotaka ni karatasi moja ambayo mkurugenzi angeweza kuisoma akiwa amesimama, na ambayo mtu wake angeweza kuibandika ukutani kazi ikiendelea. Juu kabisa niliandika anachopata, katikati siku za kazi, chini yake raundi za marekebisho, kisha malipo na sahihi. Wasifu na vifaa nikavitoa. Anayetaka kujua uwezo wangu nitampa kazi nilizokwisha kufanya azitazame.

Nitaeleza kazi ya kwanza niliyoifanya kwa ukurasa huo, kwa sababu kila mstari wake ulijaribiwa pale.

Ilikuwa video ya dakika 8 juu ya mradi wa mafunzo. Walikuwa wamerekodi wenyewe: wazungumzaji sita, picha za darasani, picha za warsha, jumla ya saa 9 na dakika chache. Kabla ya kuandika tarehe yoyote niliuliza urefu huo wa picha, kwa kuwa ndio unaoamua mwanzo wa ratiba. Saa 9 za picha haziwezi kutazamwa kwa saa 9. Unasimamisha, unarudi nyuma, unaandika nani kasema nini na dakika ya ngapi. Kwangu hiyo ni siku mbili kamili. Wahariri wengi huificha kazi hii ndani ya neno "kuhariri," halafu mteja anashangaa kwa nini siku ya tatu hajaona kitu. Mimi niliipa mstari wake.

Ratiba niliyoiandika ilikuwa ya siku 17 za kazi, na sikuweka tarehe za kalenda. Nilihesabu kuanzia siku picha zote zinapofika na kukaguliwa. Siku ya 1, kunakili picha sehemu mbili na kuzikagua. Siku ya 2 na ya 3, kutazama na kuchagua. Siku ya 4 hadi ya 6, kupanga mkato wa kwanza, yaani toleo la awali la video nzima. Siku ya 7 na ya 8, mteja anatazama na kuleta maoni. Siku ya 9 na ya 10, mkato wa pili. Siku ya 11 na ya 12, mteja tena. Siku ya 13, kuingiza maoni hayo na kufunga picha. Siku ya 14 na ya 15, rangi, sauti na maandishi. Siku ya 16, mteja anakagua. Siku ya 17, faili la mwisho.

Ukihesabu, siku zangu ni 12 na zake ni 5. Niliziweka katika safu mbili, yangu kushoto na yake kulia, ili zionekane bila maelezo. Katika mapendekezo yangu yote ya zamani siku za mteja hazikuwahi kuandikwa popote. Nilikuwa nikisema "wiki mbili" nikimaanisha wiki mbili za mikono yangu, naye akisikia wiki mbili za kalenda. Akikaa na mkato siku nne kabla ya kujibu, ucheleweshaji ulionekana wangu. Safu ile ya kulia ilibadilisha mazungumzo kabla kazi haijaanza: mtu wa mawasiliano aliniandikia kuomba siku zake za raundi ya kwanza ziwe tatu, kwa kuwa mkurugenzi angekuwa safarini. Tukakubaliana ziwe mbili, ila nianze baada ya mkurugenzi kurudi. Zamani jambo hilo ningelijua siku ya nane.

Chini ya ratiba kulikuwa na mstari mmoja: maoni yakichelewa siku moja, tarehe ya mwisho inasogea siku moja, yakichelewa zaidi ya siku tano, tarehe mpya itapangwa upya. Sehemu ya pili ni ya lazima. Mwanzoni nilikuwa naandika siku kwa siku tu, na haikuwa kweli. Mteja akipotea wiki nzima mimi nitakuwa nimeingia kwenye kazi ya mtu mwingine, na siwezi kumruka huyo kwa sababu wa kwanza amerudi.

Ule mstari wa "zinapofika na kukaguliwa" nao ulifanya kazi mapema. Picha za wazungumzaji wawili zilikuwa zimechukuliwa kwa simu, na sauti yao ilirekodiwa kwa kinasa sauti cha pembeni. Simu nyingi hazirekodi kwa idadi ileile ya fremu kila sekunde. Kasi hupanda na kushuka kidogo kidogo. Kwa macho huwezi kujua. Dalili yake ni hii: unalinganisha mdomo na sauti mwanzoni mwa mahojiano, vinakaa sawasawa, kisha unaruka hadi dakika ya kumi na tano na kukuta mdomo umeachana na sauti. Ukivuta sauti ilingane hapo, mwanzo unaharibika. Dawa ni kuyageuza mafaili yale yawe na kasi moja isiyobadilika, 25 kwa sekunde kama picha zao nyingine, kabla ya kukata chochote. Kuyageuza kulichukua siku nzima pamoja na kuhakiki. Kwa kuwa hesabu huanza baada ya ukaguzi, nilimwandikia kwamba siku ya 1 itakuwa kesho yake, na sababu ni hii. Hakuna aliyebisha. Ningeanza kuhesabu siku diski ilipofika, ningekuwa na deni la siku moja kabla hata sijakata.

Sasa raundi, ambazo ndizo moyo wa ukurasa wenyewe. Nilijifunza kwamba kuandika "raundi mbili za marekebisho" hakutoshi kabisa. Mteja mmoja ataelewa mara mbili za kuzungumza kwa simu. Mwingine ataelewa toleo la 2 na la 3 pamoja na kila ujumbe mdogo unaotumwa katikati. Niliandika hivi, neno kwa neno:

> Raundi moja ni orodha moja ya maoni, iliyokusanywa na kutumwa na mtu mmoja aliyetajwa hapa chini, ikionyesha dakika na sekunde ya kila jambo. Raundi ya 1 inahusu mpangilio: nani anazungumza, kwa utaratibu gani, nini kimekosekana, nini kitoke. Raundi ya 2 inahusu undani: maneno, urefu wa kila picha, muziki, majina. Baada ya raundi ya 2 picha inafungwa, yaani urefu wa video haubadiliki tena. Makosa yangu nayarekebisha wakati wowote na hayahesabiwi raundi.

Chini yake kulikuwa na nafasi ya jina. Si idara, ni jina la mtu. Watu watano wanaweza kutoa maoni, nami nafurahi wakitoa, lakini yanapopingana wapatane wao kabla hayajafika kwangu. Nikipokea "fupisha" kutoka kwa mmoja na "refusha" kutoka kwa mwingine, nalazimika kuamua ugomvi wa ofisi isiyo yangu. Katika kazi hii aliyetajwa alikuwa yule dada wa mawasiliano, na orodha yake ya kwanza ilikuja na mambo 17. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa amepokea zaidi ya thelathini kutoka kwa wenzake, akakaa nao saa moja, mengine yakafutana yenyewe.

Kuna mstari mwingine ninaouthamini kuliko yote, na niliuweka palepale kwenye siku ya 6: "Katika mkato wa kwanza rangi na sauti hazitakuwa zimesawazishwa, na muziki ni wa muda." Mtu ambaye si mhariri akitazama video, jicho lake huenda kwanza kwenye kinachokera. Picha ikiwa ya kijivu, ataandika juu ya ukijivu. Sauti ya mzungumzaji mmoja ikiwa chini, ataandika juu ya sauti. Akimaliza, raundi ya mpangilio imekwisha na mpangilio haujaangaliwa, na swali la nani afungue video litamjia wiki mbili baadaye wakati jicho limetulia. Ndivyo toleo la 9 la kazi ile ya zamani lilivyozaliwa. Niliwahi kujaribu dawa ya kinyume, kupaka rangi kidogo na kupunguza kelele kwenye mkato wa kwanza ili usikere. Inasaidia, lakini inakula karibu siku nzima kwa picha ambazo nusu yake zitatupwa. Siku hizi nasawazisha sauti za mahojiano tu, kwa kuwa neno lisiposikika hata mpangilio hauwezi kuhukumiwa, na rangi naiacha kama ilivyo.

Pamoja na mkato huo nilituma maswali matatu katika barua pepe: Je, mtu asiyeujua mradi ataelewa unahusu nini ndani ya dakika ya kwanza? Je, kuna mzungumzaji anayerudia aliyosema mwenzake? Je, kuna jambo ambalo mkurugenzi ataulizia na halimo? Orodha ya mambo 17 ilijibu hayo karibu yote. Walitoa sehemu ya mzungumzaji wa nne, wakapeleka darasa kabla ya warsha, wakaomba takwimu zao ziwe maandishi kwenye picha badala ya kusomwa. Hata la rangi lilikuwemo, moja tu, na yeye mwenyewe aliandika mbele yake: najua hili ni la baadaye.

Tofauti kati ya kosa langu na badiliko lao ilihitaji mfano, kwa hiyo niliweka mmoja kwenye ukurasa. Kabla ya kuanza naomba majina na vyeo vyote kwa maandishi. Nikiandika jina tofauti na lilivyo kwenye orodha hiyo, ni kosa langu, nalirekebisha hata baada ya mwezi. Jina likiwa limekosewa kwenye orodha yenyewe, ni badiliko. Katika kazi hii cheo cha mzungumzaji mmoja kilibadilika kazi ikiwa katikati. Kubadili neno moja ni dakika chache, nikalibadili bila kuhesabu lolote. Lakini niliandika kwamba ni badiliko, ili mstari ubaki wazi kwa makubwa yatakayofuata.

Pia niliandika nini si marekebisho kabisa: mahojiano mapya yanayorekodiwa baada ya siku ya 1, lugha ya pili, na toleo la wima kwa ajili ya simu. Hilo la mwisho wateja wengi hudhani ni kubonyeza kitufe. Picha pana iliyolazwa ikisimamishwa, inabaki chini ya theluthi moja ya upana wake. Wazungumzaji wawili waliokaa pamoja hawaenei tena, maandishi yanakatwa, na kila picha lazima ipangwe upya kwa mkono. Ni kazi yenye siku zake.

Raundi ya pili ilipita kwa mambo 9, na siku ya 13 nilifunga picha. Hapo nilituma barua pepe fupi ya kusema hivyo, nikiomba neno moja tu la kukubali, nikalipata. Usiipite barua hiyo kwa kuona haya. Ukurasa una sahihi ya mwanzo wa kazi, lakini siku ya 13 watu wamekwisha sahau walichotia sahihi, na neno "nakubali" lililoandikwa jana lina nguvu kuliko mkataba wa wiki tatu zilizopita.

Siku ya 15 jioni, dada wa mawasiliano alinipigia. Mkurugenzi alikuwa amepata habari kwamba mzungumzaji wa pili ameacha kazi, naye asingependa awemo kwenye video. Sehemu yake ilikuwa sekunde 38, kuanzia dakika ya 3 na sekunde 10.

Nilimwomba kaka mmoja tunayefanya kazi pamoja upande wa sauti tukae tuhesabu kabla sijajibu. Kutoa sekunde 38 zenyewe ni kazi ya muda mfupi. Lakini muziki ulikuwa umekatwa ili upande juu mwishoni mwa maneno ya huyo mtu, na sasa kilele chake kingeangukia katikati ya sentensi ya mwingine. Maandishi ya chini yote yaliyofuata yangesogea, na yale ya kwenye mpaka wa mkato yangebidi kuandikwa upya. Sauti ilikuwa imekwisha changanywa juu ya picha iliyofungwa, kwa hiyo mchanganyo nao ungefunguliwa kuanzia dakika ya tatu hadi mwisho. Zaidi ya hayo, mzungumzaji wa tatu alikuwa anaanza kwa "kama alivyosema mwenzangu," na mwenzake hayupo tena. Ilibidi kutafuta mwanzo mwingine katika mahojiano yake. Tukafika siku mbili.

Nilijiandaa kwa mazungumzo magumu. Niliandika barua yenye mambo manne hayo, nikataja siku mbili na gharama yake kwa kiwango cha siku kilichokuwa chini ya ukurasa. Kabla sijaituma, yake ilikwisha fika. Alikuwa amemwonyesha mkurugenzi ukurasa wetu, akamwonyesha siku ya 13 na neno la kukubali, kisha akaniuliza: itachukua siku ngapi za ziada, ili tuziombee fedha? Sikuhitaji kutetea chochote. Nilituma hesabu yangu ileile, mkurugenzi akajibu mwenyewe kwa mstari mmoja kwamba amekubali.

Mwanzo mpya wa mzungumzaji wa tatu niliupata kwenye kumbukumbu za siku ya 2 na ya 3, dakika ya ishirini na mbili ya mahojiano yake, mahali alipoanza upya baada ya kukatizwa na mlango. Ulikuwa mzuri kuliko ule wa kwanza. Tulichanganya sauti upya, maandishi yakasogezwa, dada akakagua majina asubuhi moja. Faili la mwisho lilitoka siku ya 19, na jina lake lilikuwa na `v4`.